Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu, kutoka Bombambili, kwa Heshima Zote

Kwa Mheshimiwa António Guterres,
Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa,
New York.



Natanguliza samahani kwa kukuchukulia muda wako, ambao najua una wenyewe, na wengi wao ni marais. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia, mkazi wa Bombambili, hapa mjini Songea, mkoani Ruvuma. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba Umoja wa Mataifa una Baraza Kuu, Baraza la Usalama na Sekretarieti, na wakanijibu hivyo hivyo kwenye mtihani, wakafaulu. Sasa nimestaafu, na watoto wale wale, baadhi yao wakiwa wamevaa sare za Jeshi la Wananchi, wananirudia na maswali ambayo hayakuwemo kwenye muhtasari wa somo. Nimeona ni utovu wa adabu kuyajibu kwa kubahatisha ilhali mwenye majibu yupo, yu hai, na anwani yake inajulikana.

Usidhani, Mheshimiwa, kwamba barua hii imetoka mahali pasipojulikana ofisini kwenu. Dkt. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu kuanzia 2007 hadi 2012, alizaliwa Songea. Kwa hiyo tunajihesabu ndugu wa nyumba yenu, na kwetu ndugu wa nyumba anaruhusiwa kuuliza kilichotokea jikoni, mradi ashushe sauti. Nami nimeshusha.

Swali langu linahusu jirani yetu Kongo, na askari wetu mliowapokea huko mkawavisha kofia za bluu.

Nianze na yale ninayoyasifu, ili usinifikirie vibaya. Nafahamu kuwa ulinzi wenu wa amani unasimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni ridhaa ya wahusika wakuu wa mgogoro: hamwingii nyumbani kwa mtu bila hodi. La pili ni kutopendelea upande. La tatu ni kutotumia nguvu isipokuwa kujilinda, au kulinda kazi mliyotumwa. Ni misingi mizuri sana, na ilipozaliwa mwaka 1956 katika mgogoro wa Suez, chini ya mtangulizi wako Dag Hammarskjöld, ilifaa kabisa kwa kazi ya wakati ule. Kulikuwa na majeshi mawili yenye makamanda wanaofahamika, na mstari jangwani wa kusimama katikati yao. Na ridhaa ilikuwa ridhaa kweli, kwani mwaka 1967 Rais Nasser wa Misri alipoiondoa, mtangulizi wako mwingine, U Thant, aliwaondoa askari, na mwezi uliofuata vita vikaanza.

Lakini naomba kuuliza, kwa unyenyekevu wote: kule Kivu, mashariki mwa Kongo, mliomba ridhaa ya nani?

Serikali ya Kinshasa iliridhia, hilo nalijua. Ujumbe wa MONUC uliundwa mwishoni mwa 1999, ukabadilishwa jina kuwa MONUSCO mwaka 2010. Walioridhia mwanzoni walikuwa wametia saini mkataba wa Lusaka, yaani serikali, nchi jirani na makundi makubwa ya waasi. Baadaye makundi yakazaana hadi yakawa zaidi ya mia moja, na mengi yao hayajawahi kutia saini karatasi yoyote. Hapa mtaani tuna ulinzi shirikishi. Vijana wetu wa doria huomba kibali kwa mwenyekiti wa mtaa, si kwa mwizi, na jambo hilo halitupi taabu. Taabu huanza pale mwenyekiti mwenyewe anapokuwa na ugomvi na baadhi ya nyumba, na vijana wa doria wanaambiwa watembee na mgambo wake. Mheshimiwa, huko ndiko mlikotufikisha, nami nitafika huko taratibu.

Kabla ya hapo, naomba nikukumbushe Kiwanja. Ni mji mdogo wilayani Rutshuru, Kivu Kaskazini. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008 wapiganaji wa CNDP, kundi la Laurent Nkunda, waliuteka tena mji huo kutoka mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai, wakawaamuru wakazi waondoke, kisha wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwaua wanaume na vijana waliobaki kwa madai kwamba ni Mai-Mai. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliokufa kuwa takribani 150. Kambi ya MONUC, yenye askari wapatao 120, ilikuwa chini ya maili moja kutoka hapo. Kwa mwendo wa miguu, ni umbali ambao mama wa hapa kwetu huenda sokoni na kurudi kabla chai haijapoa.

Sitathubutu kusema askari wale walikuwa waoga. Ukisoma maelezo ya tukio hilo, utaona jambo la kawaida zaidi, na kwa maoni yangu la kutisha zaidi. Askari walikuwa wachache mno kwa eneo walilopewa. Walikuwa na kazi nyingine mkononi, ikiwemo kuwalinda wafanyakazi wa misaada na kumtafuta mwandishi wa habari wa kigeni aliyetekwa. Na hawakuwa na mkalimani. Watu walikimbilia kambini wakisema kwa Kiswahili kinachotendeka, na ndani ya kambi hapakuwa na wa kuwaelewa vizuri. Baada ya Kiwanja ndipo ujumbe wenu ulipoanza kuajiri wasaidizi wa mawasiliano kutoka katika jamii, Wakongo wanaokaa na vikosi, wanaojua vijiji, wenye simu za machifu na viongozi wa makanisa. Ni uamuzi wa busara sana. Tunawashukuru, ingawa watu wa Kiwanja waliulipia mapema.

Ningependa kusema kwamba simu zilimaliza tatizo. Tarehe 6 Juni 2014, jioni, huko Mutarule, katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, watu wenye silaha walishambulia kijiji na kuua watu wasiopungua 30, wengi wao wakiwa kwenye ibada ya nje. Safari hii taarifa ilifika. Askari wa serikali na askari wenu waliokuwa umbali wa takribani kilomita 9 walijua kinachoendelea, na hawakwenda kuzuia. Aliyekuwa mkuu wa MONUSCO wakati huo, Bw. Martin Kobler, alikiri hadharani kwamba ujumbe wake ulipaswa kuingilia kati. Nampongeza kwa uungwana. Lakini uungwana wake unatuondolea kile kisingizio cha kwanza, kwamba hatukujua.

Na hapa, Mheshimiwa, naomba nikusomee karatasi yenu wenyewe, maana mgeni akisoma barua ya mwenyeji mbele ya mwenyeji hawezi kuitwa mchochezi. Machi 2014 ofisi yenu ya ukaguzi wa ndani ilitoa tathmini ya namna jumbe mbalimbali za kulinda amani zinavyotekeleza jukumu la kulinda raia. Wakaguzi walichukua matukio 507 ya mashambulizi dhidi ya raia yaliyotajwa katika ripoti za Katibu Mkuu kati ya 2010 na 2013. Askari wa Umoja wa Mataifa waliitikia papo hapo katika matukio 101 tu, yaani moja kati ya kila matano. Nguvu, ambayo Baraza la Usalama lilikuwa limewaruhusu kuitumia, karibu haikutumika kabisa.

Kwa nini? Wakaguzi wenu walieleza jambo ambalo kila askari aliyerudi nyumbani analijua lakini hulisema kwa sauti ya chini. Kuna amri mbili. Moja inatoka kwa kamanda wa ujumbe, mwenye kofia ya bluu. Nyingine inatoka mji mkuu wa nchi iliyoleta kikosi. Kamanda wa kikosi akipokea amri ya kwenda mahali penye hatari, anapiga simu nyumbani kuuliza. Na nyumbani, nikiomba radhi kwa serikali zote za dunia pamoja na yangu, mara nyingi jibu ni kwamba asihatarishe vijana kwa jambo lisilo letu. Kamanda anayesita hapati adhabu yoyote kutoka New York, kwa sababu New York haina jeshi, ina majeshi ya kuazima. Anayekwenda akapoteza askari, huyo ndiye atakayeulizwa maswali.

Waliopanga mauaji ya Rwanda walilielewa hili kabla yetu sisi walimu wa uraia. Ujumbe wa UNAMIR ulikwenda huko kwa ridhaa, kusimamia mkataba uliosainiwa hapa hapa kwetu Arusha, Agosti 1993. Tarehe 7 Aprili 1994 waliwaua askari 10 wa Ubelgiji. Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, na tarehe 21 mwezi huo huo Baraza la Usalama likapunguza ujumbe wote ubaki na watu wapatao 270. Saini ya serikali yao ilikuwa bado ipo kwenye mkataba, Mheshimiwa. Ridhaa ndiyo ilikuwa imekufa siku nyingi, na hapakuwa na aliyepewa kazi ya kupima kama bado inapumua.

Sasa nije kwetu.

Novemba 2012 kundi la M23 liliingia Goma huku askari wenu wakiwa mjini humo wakiangalia. Aibu ile ilizaa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013, lililounda Brigedi ya Kuingilia Kati: vikosi vitatu vya askari wa miguu, kimoja cha mizinga, na kombania ya makomando na upelelezi. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizotoa watu, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi ilipewa kazi ambayo kofia za bluu hazikuwa zimewahi kupewa kwa maneno ya wazi namna ile, yaani kuyashambulia makundi yenye silaha, peke yake au pamoja na jeshi la Kongo, na kuyavunja nguvu.

Nimelisoma azimio hilo mara kadhaa, nami nakiri ni mfano wa adabu ya hali ya juu. Linasema brigedi inaundwa kama jambo la pekee, bila kuweka kielelezo kwa siku zijazo, na bila kuathiri misingi ya ulinzi wa amani. Yaani tunakwenda kupigana upande wa serikali, lakini tunaendelea kutopendelea upande. Nilimwomba mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni wakili, anifafanulie. Alinitazama kwa huruma, akaagiza chai.

Ninyi mna utetezi wa hoja hii, nami naujua. Mnasema kutopendelea si sawa na kukaa kimya; refa hapendelei, lakini hutoa kadi. Nakubali. Refa anayetoa kadi kwa kila mchezaji anayecheza rafu bado ni refa. Basi tuangalie kadi zilitolewaje.

Dhidi ya M23 kazi ilifanyika. Kati ya Agosti na mwanzoni mwa Novemba 2013, jeshi la Kongo, likisaidiwa na mizinga na helikopta za Umoja wa Mataifa na miguu ya vijana wetu, liliwasukuma waasi kutoka vilima vya Kibati hadi mpakani, na tarehe 5 Novemba wakatangaza kuacha vita. Watanzania walikufa katika kazi hiyo. Tulijivuna, sitaficha. Ila tukisema brigedi peke yake ndiyo iliyoshinda tutakuwa tunajidanganya. Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliituhumu kuwasaidia M23 nayo ikakanusha, ilikuwa imekatiwa sehemu ya misaada na wafadhili. Mkataba wa Addis Ababa wa Februari mwaka ule ulikuwa umezifunga nchi za eneo letu kwa ahadi. Jeshi la Kongo nalo lilikuwa limebadilishiwa makamanda. Bunduki ilipiga kwenye mlango ambao siasa ilikwisha kuulegeza komeo.

Kisha ikaja zamu ya FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda lenye mizizi kwa waliotenda mauaji ya 1994. Walipewa hadi tarehe 2 Januari 2015 waweke silaha chini. Siku ikapita, na brigedi haikuwapiga. Hapa naomba radhi mara mbili, moja kwako na moja kwa nyumbani. Ya nyumbani ni kwamba mwaka 2013, huko Addis Ababa, Rais wetu wa wakati huo, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, alishauri Rwanda izungumze na FDLR, na uhusiano kati ya nchi hizi mbili ukachafuka. Inawezekana ushauri ule ulikuwa wa hekima. Lakini nchi iliyokwisha kusema hadharani kwamba kundi fulani ni la kuzungumza nalo, ikipewa kazi ya kulipiga kundi hilo hilo, na Rwanda ikiwa inatazama, itawezaje kuonekana haina upande? Nchi jirani zinaujua uwanja, lugha na watu. Ndiyo faida yake. Zina pia shemeji na watani na hesabu zao za zamani, na gharama ya jambo hilo haiandikwi kwenye azimio.

Radhi ya kwako ni hii. Serikali ya Kongo iliwateua kuongoza operesheni ile majenerali wawili ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa unawatuhumu kwa ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu. Sera yenu inakataza kulisaidia jeshi lenye makamanda wa namna hiyo, kwa hiyo mkaondoa msaada. Mlifanya vema. Kinshasa ikakasirika, ikasitisha ushirikiano wa kijeshi, na kwa karibu mwaka mzima brigedi iliyoundwa kupigana ikabaki inapiga doria. Mmeona ridhaa inavyokata? Mkiwatazama waliowaalika kwa jicho la haki, mlango unafungwa. Mkifumba jicho, mnaingia ndani mkiwa na damu ya wengine kwenye viatu.

Na huko Beni mwaliko ule ulikuwa na gharama kubwa kuliko yote. Mauaji ya raia kwa mapanga na shoka yalianza Oktoba 2014, yakahusishwa na ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Jeshi la Kongo, likisaidiwa na ujumbe wenu, lilikuwa likiendesha operesheni ya Sukola 1 dhidi ya kundi hilo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipochunguza, walikuta si ADF pekee waliohusika na mauaji. Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyekuwa akiongoza operesheni hiyo, alituhumiwa kuwasaidia baadhi ya wauaji, na Februari 2018 akawekewa vikwazo na kamati ya Baraza la Usalama. Sasa fikiria mama wa Beni anayetaka kutoa taarifa kwa askari mwenye kofia ya bluu. Anamwona askari huyo asubuhi akipeana mkono na jeshi ambalo yeye analiogopa usiku. Hata umpe wakalimani kumi, hatasema. Na ujumbe usiopewa taarifa hauwezi kuwahi popote.

Nifike Semuliki, Mheshimiwa, kisha nitakuachia nafasi upumzike. Tarehe 7 Desemba 2017, magharibi, ADF walivamia kambi ya vijana wetu kwenye mto Semuliki, wilayani Beni. Watanzania 15 waliuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ulisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa, na ukaliita uhalifu wa kivita. Maneno yako yalitufariji. Ukamtuma Bw. Dmitry Titov kuchunguza, na matokeo yaliyotangazwa Machi 2018 yalisema kwamba ujumbe haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada au kuwaondoa askari waliozingirwa. Kwamba kulikuwa na kasoro katika mafunzo, katika amri na katika uongozi. Na kwamba ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi vilipungua. Naomba usome orodha hiyo ukifikiria Kiwanja na Mutarule. Ni yale yale. Kambi isiyoweza kuokolewa na jirani yake usiku haiwezi kumwokoa mwanakijiji aliye kilomita 9 mbele. Usalama wa raia na usalama wa askari vilikosekana kwa sababu moja, ingawa ripoti mnaziandika mbili na kuziweka kwenye makabati tofauti.

Lile neno la uhalifu wa kivita lilimfanya tena wakili wangu aagize chai. Sheria ya kimataifa, anasema, humlinda mlinda amani kama inavyomlinda raia, maadamu hashiriki katika mapigano. Brigedi iliyotumwa kuwinda makundi imo katika mapigano, na kuna wanasheria wengi wanaosema hivyo. Kama wako sahihi, basi mliwapa vijana wetu kazi ya wapiganaji na mkawaahidi kinga ya wasio wapiganaji, na kofia ni ile ile kwa askari wa doria na kwa komandoo. Sifurahii kuyaandika haya. Ninayaandika kwa sababu ADF hawakuhitaji wakili kuyajua.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Julai 2022 wananchi wa Goma na Butembo waliandamana kuutaka ujumbe wenu uondoke, na watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwemo walinda amani. Mwisho wa mwezi huo, katika mpaka wa Kasindi, askari wa brigedi yetu hiyo hiyo waliokuwa wakirudi kutoka likizo walifyatua risasi na kuua raia, nawe ukasema umeghadhibika. Desemba 2023 Kinshasa iliagana na jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililokuwa limekaa mwaka mmoja tu, kwa kuwa lilikataa kuwapiga M23. Mwezi huo huo wakaingia SADC, wakiwemo tena Watanzania, kwa kuwa walikubali, na Baraza la Usalama likaridhia nanyi muanze kuondoka awamu kwa awamu. Na mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliichukua Goma, kambi zenu zikiwa humo humo.

Kwa sisi wa somo la uraia, wiki zile zilikuwa darasa. Serikali iliyotoa ridhaa ilikuwa kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano kutoka Goma. Kambini kwenu walikuwa wamejificha mamia ya askari na polisi wa Kongo waliosalimisha silaha, na haikuwezekana kuwatoa hadi mwisho wa Aprili, Shirika la Msalaba Mwekundu lilipowasindikiza hadi Kinshasa baada ya pande zote kukubaliana. Lori lenu kutoka nje ya geti lilihitaji ukimya wa M23. Ridhaa ilikuwa imehamia kwa mwingine bila azimio wala saini, na kile mlichoweza kulinda kikawa kile ambacho wenye mji mpya walikubali mlinde.

Nisikuchoshe. Sina ombi la bajeti, maana najua wanaodaiwa michango wapo na wana viti vizuri kuliko changu. Sina hata ombi la askari zaidi. Ninaomba vitu ambavyo vinahitaji karatasi tu na ujasiri kidogo.

Kila raia wanapouawa karibu na kambi yenu, toeni ndani ya mwezi mmoja maelezo mafupi kwa Kiswahili, yasomwe redioni hapo hapo: taarifa ilifika saa ngapi, ilimfikia nani, nani aliamuru nini, nani aliondoka kambini na nani hakuondoka. Si lazima mtaje majina ya askari. Tajeni kikosi na saa. Kamanda anayejua kwamba saa itasomwa atampigia simu waziri wake kwa namna nyingine. Vilevile nchi inayoleta kikosi ikiwa na masharti yake ya siri, kwamba askari wake wasitoke usiku, au wasilipige kundi fulani, masharti hayo yapelekwe Baraza la Usalama kwa maandishi kabla kikosi hakijapanda ndege. Nchi yangu ianze. Nitamwandikia pia Amiri Jeshi Mkuu wetu, kwa adabu ile ile.

Na kuhusu ridhaa, naomba mkubaliane na serikali mwenyeji tangu siku ya kwanza, hadharani, ni makosa gani ya jeshi lake yatakayofanya mwache kutembea nalo, ili siku mkiacha isionekane ni chuki ya ghafla. Mwaka 2015 mliacha kwa haki, lakini wananchi wa Kivu waliachwa wakisikia upande mmoja tu wa habari, ule wa Kinshasa.

La mwisho ni dogo. Ripoti ya Bw. Titov tuliisikia kwa muhtasari. Kama familia za wale 15 zimekwisha kupewa maelezo kamili kwa lugha wanayoisoma, naomba unisamehe kwa kuuliza. Kama bado, naomba zitumiwe kwa njia ya Makao Makuu ya Jeshi, pamoja na ile sehemu inayoeleza kwa nini msaada haukufika usiku ule. Nikihitajika kutafsiri nitatafsiri bila malipo. Nina muda, na kalamu bado inaandika.

Wako mtiifu, kwa heshima zote,

Mwalimu mstaafu,
Bombambili, Songea.